Swali la Asubuhi

Mume wangu alirudi kutoka kliniki akipiga mluzi. Nilikuwa jikoni nakata sukuma wiki, na mluzi ule ulinifanya niweke kisu chini, maana ulikuwa umepotea nyumbani kwetu kwa zaidi ya mwaka. Alivua buti zake mlangoni, akazigonga theluji ikaanguka kwenye mkeka, akaingia na koti bado mwilini.

“Mwili wangu ni mzima,” akasema. “Daktari amesema. Hakuna ugonjwa.”

“Bwana asifiwe,” nikasema.

“Ni mawazo tu. Iko kwa akili.” Akagusa kipaji cha uso wake kwa kidole. Kisha akaniangalia kwa namna ambayo sikuijua, kama mtu anayetafuta doa kwenye nguo. “Amesema mwili ukiwa mzima na bado mambo yanakataa ndani ya nyumba, basi tuangalie nyumba.”

Nyumba ilikuwa mimi. Hakusema hivyo, lakini hapakuwa na mtu mwingine wa kuangaliwa.

Lazima nieleze tulivyokuwa. Tuliishi Apple Valley, Minnesota, kwenye nyumba ya ghorofa mbili na chumba cha chini, tuliyoinunua miaka kadhaa kabla ya korona baada ya kukaa muda mrefu kwenye fleti ya kubanana. Yeye alifanya kazi kwenye ghala kubwa kule Shakopee, akisukuma na kupanga mizigo. Mimi nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Miaka mingi nilifanya shifti za usiku. Nikifika nyumbani, yeye ameshatoka. Tulikuwa tunaonana wikendi kama wachumba. Kisha nikapewa shifti ya mchana, nikafurahi kama msichana, nikijua sasa nitalala na mume wangu na kuamka naye.

Ndipo nikagundua kwamba kuna kitu hakipo.

Sisi ni watu wa Taita, tumeoana kanisani, na mambo ya chumbani hatukuzoea kuyasema kwa majina yake. Lakini tangu tukiwa vijana tulikuwa na neno letu. Alfajiri, kabla ya usingizi kwisha, mwanamume mzima huamka uume umesimama wenyewe, hata kama hajaota lolote wala hajanitazama. Sisi tuliita “mgeni wa asubuhi.” Nilikuwa namcheka: “Mgeni wako amefika, mkaribishe chai.” Naye angejifunika blanketi akicheka. Basi niliporudi kwenye kitanda changu usiku, nilisubiri huyo mgeni bila hata kujua kwamba namsubiri. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Hakuja.

Na usiku nao haukuwa na kitu. Mwanzoni alikuwa anajaribu, anashindwa katikati, anageukia ukutani. Baadaye akawa hajaribu. Nikimgusa bega, anasema amechoka na ovataimu. Mwishowe akachukua mto wake, akahamia kwenye kochi la chumba cha chini. Alisema ni kwa sababu ninakoroma.

Nilifikiri kile ambacho mwanamke yeyote angefikiri. Nilinusa mashati yake. Niliangalia uso wake akipokea simu. Sikupata kitu, na kutopata kitu hakukunituliza. Niliona tu kwamba ni mjanja. Hatimaye mchungaji wetu, aliyemwona akiwa mnyonge kwenye ibada, alimwita, wakaongea, akamwambia aende hospitali kabla ya kuombewa. Kwa hilo namshukuru mchungaji yule mpaka leo. Ndiyo akaenda kliniki, peke yake, na ndiyo akarudi akipiga mluzi.

“Alijuaje kwamba mwili ni mzima?” nikamuuliza siku ile. “Alikupima damu?”

“Aliniambia nipite maabara. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na kwa nini nitolewe damu na shida ni mawazo?” Akafungua friji, akatoa chupa kubwa ya juisi, akainywa hapo hapo bila kikombe. “Aliniuliza maswali. Akapata jibu.”

“Maswali gani?”

“Ya kidaktari.”

Alikuwa amepewa jina la mshauri wa wanandoa mjini Saint Paul, na jambo lililonishangaza ni kwamba alitaka kwenda. Mwanamume ambaye hakupenda hata kuulizwa na binti zetu kwa nini analala chini, sasa alikuwa na hamu ya kumwambia mzungu habari za ndoa yake. Nikaelewa sababu baadaye. Alikuwa ameambiwa hana ugonjwa, na alitaka ushahidi.

*

Mshauri alikuwa mama wa makamo mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani ya matofali, na hapakuwa na lifti. Tulipofika juu mume wangu aliegemea ukuta, akashika reli, akajifanya anatazama picha ya ziwa iliyokuwa imetundikwa. Nilidhani ana wasiwasi. Hata mimi nilikuwa nao.

Tulikaa kwenye makochi mawili, tukitazamana. Kiingereza cha mshauri kilikuwa cha taratibu, na alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka mtu mwenyewe ajaze kimya kile. Mara ya kwanza aliuliza kuhusu kazi, watoto, msiba wa baba mkwe wangu ambao mume wangu hakuweza kusafiri kuuhudhuria. Nikaanza kuamini kwamba ni kweli, mawazo ndiyo yamemwelemea. Mtu amemzika baba yake kwa kutazama simu kwenye maegesho ya Shakopee, wakati wa mapumziko ya chakula. Si ajabu mwili ukakataa.

Mara ya pili ndiyo mambo yalipasuka.

Mshauri alikuwa ananifafanulia mimi, kwa sauti ya upole ile ambayo watu hutumia wakitaka usiumie. “Daktari wake ametuma maelezo mafupi, kwa ruhusa yake,” akasema. “Na nadhani itakusaidia kujua kwa nini tunaamini kwamba hili ni la hisia zaidi kuliko mwili. Mwanamume akiwa usingizini, hasa ule usingizi wa ndoto, uume wake husimama mara kadhaa bila yeye kujua. Ile ya kuamkia ni ya mwisho tu, ndiyo anayokutana nayo. Haitoki kwenye tamaa. Ni damu, mishipa, neva na homoni vikifanya kazi vyenyewe. Na usingizini, hofu imelala. Aibu imelala. Ugomvi umelala. Kwa hiyo mtu akiwa anashindwa na mke wake lakini asubuhi anaamka vizuri kama kawaida, tunajua vifaa vyote vipo na vinafanya kazi. Kinachozuia kinakuja anapokuwa macho.”

Aliendelea kuongea lakini mimi nilikuwa nimebaki nyuma.

“Samahani,” nikasema. “Nani anaamka vizuri?”

Akamtazama mume wangu. “Alimwambia daktari kwamba anaamka hivyo karibu kila asubuhi.”

Sijui kama nimewahi kupigwa kofi lililouma vile. Kila asubuhi! Yaani kule chini kwenye kochi, peke yake, mwili wake ulikuwa unaamka kama zamani, na akipanda ngazi kuja kwangu unakufa. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari ya mwanamke mwingine. Sikuwa nimejiandaa kusikia kwamba hakuna mwanamke mwingine, kwamba ni mimi mwenyewe ninayemzima. Masikio yangu yaliwaka moto. Nilitazama mikono yangu, ilivyokauka kwa sabuni ya kazini, nikaona aibu ya mikono.

Mshauri akaniuliza ninahisi nini.

Nikajibu kwa Kiswahili, nikimtazama mume wangu. “Baba watoto, tangu lini?”

Akavua kofia yake.

“Nakuuliza tangu lini. Kabla hujahamia chini tulilala pamoja kutoka wakati wa baridi mpaka baridi nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa naamka kwanza. Nilikuwapo hapo. Mgeni hakuja hata siku moja. Sasa amekuja lini? Alikufuata kwenye kochi?”

Mshauri hakuelewa maneno lakini aliona uso wa mume wangu, nami nikamgeukia yeye na kumrudia yote kwa Kiingereza, bila kutafuna maneno. Nikasema mume wangu hakuamka hivyo, si mara moja, kwa zaidi ya mwaka, na kwamba, nikikumbuka zile wikendi zetu, ilipotea polepole, hata kabla hajaanza kunikwepa.

Yule mama akaweka kalamu mezani. Hakunyamaza kwa mtindo wake wa kawaida. Alinyamaza kama mtu aliyeona gari likija.

“Bwana,” akasema, “anachosema mkeo ni kweli?”

Mume wangu alikuwa amekunja kofia yake ya sufu kwa mikono miwili, anaikamua kama nguo iliyotoka majini. Alipoongea, aliongea na mimi.

“Yule aliyekuwa kwenye chumba ni dada wa kwaya.”

Sikuelewa.

“Kule kliniki. Anayepima presha na kuandika kwenye kompyuta. Ni yule anayeimba sauti ya kwanza. Alikuwa amekaa pale, mama watoto. Daktari akauliza, ‘Asubuhi unaamka umesimama?’ Na yeye yuko pale anaandika. Ningesemaje? Niseme sina? Jumapili nitakaa wapi?”

“Ukasema unacho.”

“Nikasema kila asubuhi.” Akafuta uso kwa kofia. “Daktari akatabasamu. Akasema hiyo ni habari njema sana. Mimi pia nikaiona ni njema. Nikajiambia, kama daktari anafurahi, basi labda ni kweli mimi ni mzima, na kile kingine kitarudi. Hata nilisahau kwamba nimesema uongo.”

Niliwahi kumkasirikia kwa mambo madogo zaidi ya hilo. Lakini siku ile hasira ilikuja ikakuta sina pa kuiweka, kwa sababu nilimwona akiwa pale kwenye chumba kidogo cha kliniki, amevaa ile kanzu ya karatasi iliyo wazi mgongoni, na mtu wa kwaya anasubiri jibu lake vidole vikiwa kwenye kibodi. Ningekuwa yeye ningesema nini?

Nilipomtafsiria mshauri, alisimama. Kweli kabisa, alisimama.

“Mimi si daktari,” akasema. “Lakini jibu hilo ndilo lililowaleta kwangu, na jibu si la kweli. Kama imepotea hata usingizini, na ilipotea taratibu, basi siwezi kuendelea kukaa hapa nikiwauliza kuhusu hisia zenu. Huenda kuna kitu mwilini. Rudini kwa daktari wiki hii. Mwambie ukweli. Na ile damu uliyoikwepa, itolewe.”

Hakututoza saa iliyobaki. Tuliteremka ngazi, yeye ameshika reli.

*

Kwenye gari ndipo alipozungumza, tukiwa tumekwama kwenye msururu wa magari ya kuvuka mto.

“Ulidhani nina mwanamke.”

“Nilidhani. Halafu leo, kwa dakika chache, nikadhani ni mimi.”

“Wewe?” Akageuka kunitazama mpaka nikamwambia aangalie barabara. “Wewe ndiye nilikuwa nakimbia usinione.”

Nilienda naye safari hii. Yule dada wa kwaya ndiye aliyetoka kutuita, akatuchangamkia, “Karibuni, mko aje nyumbani?” na nilihisi mume wangu akikakamaa kando yangu. Akapimwa presha, ilikuwa juu. Akapimwa uzito. Kisha daktari akaingia, mwanamume kijana mwenye viatu vya kukimbilia, na mume wangu, kabla hajaketi vizuri, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kwetu Voi: “Daktari, naomba tubaki sisi watatu tu.”

Dada akatoka. Nadhani alikuwa amezoea. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kutoka. Mpaka leo sijui kama alijua lolote, na kama alijua, halikusikika kanisani wala popote. Alikuwa na heshima kuliko woga wetu ulivyomdhania.

Mume wangu akasema yote. Hakuna asubuhi. Haijakuwepo kwa muda mrefu. Ilianza kwa kulegea, ikawa mara chache, ikaisha.

Daktari hakumlaumu. Alivuta kiti chake karibu. “Asante kwa kuniambia,” akasema. “Hilo linageuza mambo. Si kipimo kamili. Mtu asiyelala vizuri, au mwenye huzuni nzito, au anayetumia dawa fulani, anaweza kukosa asubuhi hata kama mishipa yake ni mizima. Lakini ulivyosema unaamka vizuri, nilielekeza macho kichwani. Sasa nayarudisha mwilini.”

Akamchunguza upya, na safari hii kwa umakini ulionitia hofu. Alibonyeza miguu, akatafuta mapigo ya damu kwenye vifundo, akachukua muda mrefu kwenye mguu wa kushoto. Akagusa nyayo zake kwa uzi mgumu wa plastiki, akimwambia afumbe macho na aseme anapohisi. Kulikuwa na mahali alipogusa na mume wangu akabaki kimya, macho amefumba, akisubiri kuguswa. Mimi nilikuwa natazama. Ule uzi ulikuwa umekwisha kupinda kwenye dole gumba lake na yeye bado anasubiri.

“Unakojoa mara nyingi?” daktari akauliza.

“Kidogo.”

“Anaamka usiku kila mara kwenda chooni,” nikasema. “Na anakunywa juisi chupa nzima.”

Nilipoyasema hayo nikayasikia kwa masikio ya kazini kwangu. Kila siku nilikuwa natoboa vidole vya wazee kuwapima sukari. Nilijua kiu ile. Ilikuwa nyumbani kwangu, imesimama mbele ya friji yangu, na nilikuwa naiita ovataimu.

“Na kifua? Ukibeba mzigo, ukipanda ngazi?”

“Kifua hakiumi,” mume wangu akasema. “Ni taya tu. Nikisukuma mizigo kuna uzito hapa.” Akashika taya la kushoto. “Nikipumzika unaondoka. Nilidhani ni jino.”

Daktari akaacha kuandika. Akamwangalia, kisha akaniangalia mimi, na rangi ya sauti yake ikabadilika ingawa maneno yalikuwa ya kawaida. Akauliza kama kuna dawa yoyote anayotumia, hata ya kununua bila cheti.

Hapo mume wangu akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kipande cha karatasi ya fedha chenye vidonge vya buluu. Viwili vilikuwa vimetumika. Alikuwa amevipata kwa mfanyakazi mwenzake kule ghalani. Akaviweka juu ya meza kama mtoto anayesalimisha kitu alichookota.

“Havikusaidia,” akasema.

“Sikiliza,” daktari akasema, akikisogeza kile kipande mbali kwa ncha ya kidole. “Dawa hii si mbaya kwa kila mtu, mimi mwenyewe huiandika. Lakini moyo wako unanitia wasiwasi. Kama ungepatwa na maumivu ukaletwa hospitali, kitu cha kwanza wangeweza kukupa ni dawa ya kufungua mishipa ya moyo. Hizo mbili zikikutana, presha inaweza kuporomoka mpaka ukafa. Usiziguse tena mpaka daktari wa moyo aseme.”

Nilikuwa nimekuja kwa sababu ya kitanda. Nakumbuka nikifikiri hivyo hivyo, kwa maneno hayo: nilikuja kwa sababu ya kitanda, na huyu mtu anazungumza habari za kufa.

Walimfanyia kipimo cha moyo pale pale, akilala na nyaya kifuani. Hakikuonyesha shambulio, na daktari akasema hicho ni kipimo cha mtu aliyelala. Moyo wake una shida akiwa anasukuma mizigo. Akampa aspirini, akampigia simu daktari wa moyo yeye mwenyewe, akamkataza kwenda kazini. Damu ikatolewa. Kabla ya jioni kliniki ikapiga simu: sukari ilikuwa juu sana, na si ya jana wala juzi. Ilikuwa imekaa kwa miaka.

Mume wangu alikuwa ameketi mezani nilipoweka simu. Binti yetu mkubwa aliuliza kwa Kiingereza kama baba yake yuko sawa, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili kwamba yuko sawa, uongo ambao hata yeye aliuona.

*

Siku chache baadaye walimweka kwenye mashine ya kutembea, na kabla mashine haijafika kasi yake wakaisimamisha. Wakamlaza hospitali. Asubuhi iliyofuata wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, wakamwaga rangi, wakaona.

Daktari wa moyo, mama wa Kihindi mwenye mikono midogo, alinionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Mishipa ilikuwa kama matawi ya mti wakati wa baridi, na kwenye tawi moja kubwa palikuwa na mahali pembamba kama uzi. Akanionyesha na picha ya pili, baada ya kuweka kibomba kidogo cha waya cha kupanua mshipa, tawi limenona.

“Ni nani aliyegundua?” akauliza. “Hakuwa na maumivu ya kifua.”

Sikujua nianzie wapi. Nikasema, “Alikuwa hana nguvu za kiume. Na asubuhi hakuwa anaamka… anaamka vile.”

Nilitegemea acheke au atazame pembeni. Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimetaja homa. “Mishipa ya kule ni myembamba kuliko ya moyo,” akasema. “Mafuta yakianza kujaa, na sukari ikiwa inaharibu kuta, myembamba huziba mapema. Wanaume wengi huanza kupata shida hiyo miaka kadhaa kabla ya moyo. Ni onyo. Tatizo ni kwamba hawalisemi.” Akanitazama. “Au wanaambiwa ni mawazo.”

“Aliambiwa ni mawazo kwa sababu alidanganya,” nikasema. Ilinitoka tu.

“Aa,” akasema yule mama. “Hilo pia.”

Nilienda chooni nikafunga mlango. Nilikuwa nafikiria kochi la chini. Nilikuwa nafikiria kwamba kwa neno moja la aibu mtu huyu angeendelea kukaa kwenye ofisi ya Saint Paul akitafuta kosa langu, wiki baada ya wiki, mpaka siku angeangukia mizigo ya watu. Na sote tungesema shetani ameingilia ndoa yetu.

Nilipomrudia kitandani alikuwa macho. Alinishika mkono ule ule niliouonea aibu.

“Wamesema ni mishipa,” nikamwambia.

“Nimesikia.”

“Si mimi, si wewe, si marehemu baba.”

“Baba yumo,” akasema, na machozi yakamtiririka kuelekea masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. “Naye alikuwa na sukari. Nilijua. Sikutaka kuwa nayo.”

*

Mambo hayakurudi yote. Nisimdanganye msomaji kwa sababu tu ingependeza. Neva za miguu hazikupona. Dawa za sukari na presha zilimchosha mwanzoni, akaacha ugali mkubwa, akalalamika kama mtu aliyefiwa. Miezi ikapita kabla daktari wa moyo kuruhusu vile vidonge, safari hii kwa cheti na kwa kipimo chake, baada ya kuhakikisha haitumii ile dawa nyingine inayogombana navyo. Baadhi ya siku vinasaidia, baadhi ya siku havisaidii, na tumejifunza kucheka siku zote mbili. Mto wake ulipanda juu wiki ile ile aliyotoka hospitali. Tulimrudia hata yule mshauri, mara kadhaa, kwa sababu kulikuwa na maneno tuliyoambiana mwaka ule ambayo kibomba cha moyo hakikuyaondoa.

Ila kuna siku moja ninayoipenda kuikumbuka. Alikuwa amepelekwa kwenye mazoezi ya watu wa moyo, chumba kikubwa hospitalini chenye mashine za kutembea zimepangwa mbele ya dirisha, na wanaume waliokaribia miaka sabini wakitembea wasifike popote. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi namsubiri. Pembeni yake alikuwepo mzee mrefu wa Kimarekani mwenye suspenda, ile mikanda ya mabegani ya kushikilia suruali, mkulima mstaafu kwa jinsi alivyozungumza. Watu wa Minnesota hawaulizi mambo ya ndani; wanaweza kukaa na wewe miaka wakizungumzia theluji. Lakini huyu, labda kwa kutembea kando kando, akauliza:

“Wewe waligunduaje una moyo? Kifua?”

Mume wangu alitembea hatua kadhaa. Niliona mgongo wake. Nilijua anachagua.

“Hapana,” akasema, kwa sauti iliyopita ile ya mashine. “Nilikuwa siamki tena asubuhi. Unanielewa? Mwanamume kuamka.”

Nesi aliyekuwa anapita na kipimo cha presha akasimama. Mzee wa upande wa pili akageuza shingo. Mimi niliangalia sakafu, damu yote imepanda usoni, nikitamani benchi inimeze.

Yule mkulima akabonyeza kitufe, mashine yake ikapunguza mwendo mpaka ikasimama kabisa. Alishika reli kwa mikono miwili, akamkazia macho mume wangu. Uso wake ulikuwa umepauka.

“Hiyo,” akasema polepole, “ina uhusiano na moyo?”

“Ina uhusiano.”

“Miaka sita,” mzee akasema. “Miaka sita kabla ya shambulio langu. Hakuna aliyeniuliza.”

“Mimi waliniuliza,” mume wangu akasema. “Nikadanganya.”

Mzee alibaki amesimama pale juu ya mashine iliyokufa, anatazama nje ya dirisha kwenye maegesho, midomo ikicheza kama anayehesabu. Kisha akashuka, akaenda kwenye koti lake lililotundikwa ukutani, akatafuta simu yake, na nikamsikia akimwambia mtoto wake wa kiume aliyekuwa upande mwingine wa simu kwamba ana swali la kumuuliza, swali la ajabu, na kwamba asikate simu.